Neno Mbele ya Jina la Cephas

Kabla filamu haijaonyeshwa watu, ilikuwa lazima ipite machoni pa Priscilla Nyasuguta. Kila mtu katika chumba cha filamu cha misheni pale Homa Bay alilijua hilo, na Ratemo, aliyeshika kamera, alilijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akingojeshwa.

Kazi ya Priscilla haikuwa ya kukimbizwa. Majina yalipakwa kwa rangi nyeupe juu ya kadi nyeusi. Ratemo alishika vikaratasi ambavyo wenye majina walikuwa wameandika kwa mikono yao, akasoma herufi moja moja, naye Priscilla akafuata kwenye kadi kwa ncha ya sindano ya kufumia. Walianza na jina la mwisho, wakapanda hadi la kwanza, maana jicho likizoea maneno huanza kuona linachotaka. Tarehe alizilinganisha na kalenda ya ukutani. Kadi zikishapita zilipelekwa Nairobi kupigwa picha, na chapa ya kwanza ya filamu ikirudi aliitazama tena kwenye kitambaa, kwa mwendo uleule watakaouona watu. Hapo ndipo alipotia sahihi.

Filamu ya safari hii ilikuwa ya kukausha samaki wasioze, iliyopigwa pamoja na ofisi ya uvuvi kwa wavuvi wa Sori, kando ya ziwa. Kadi ya mwisho ilikuwa na majina sita ya waliokubali kupigwa picha. Chapa ilikuja na basi siku ya Alhamisi. Priscilla aliitazama, hakukuta herufi iliyopotea wala tarehe iliyoteleza, akatia sahihi. Ijumaa wakateremka Migori na gari la sinema, walale kwa ndugu wa kanisa, wapumzike Sabato ya Jumamosi, ili Jumapili jioni waionyeshe Sori ufukweni.

Sabato baada ya ibada, mwanamke mmoja alimjia Priscilla pale nje ya kanisa. Alivaa gauni la maua mekundu na shanga shingoni, na mkononi ameshika mtoto wa kike wa darasa la pili.

"Mama, ni wewe wa sinema?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Mimi Filister, bibi ya Cephas Okal wa Sori. Nimekuja huku kwa shangazi, kesho tunarudi pamoja na nyinyi kama gari ina nafasi. Huyu Pamela anajua kusoma sasa. Nimemwambia ataona jina ya babake kwa ukuta."

Priscilla alilitazama lile gauni. Akazitazama zile shanga. Hayo hayakuwa mavazi ya mjane.

Alilikumbuka jina hilo vizuri. Ratemo alikuwa ameliandika kavu kwenye kadi, Cephas Okal, basi. Ni yeye Priscilla aliyesikia kutoka ofisi ya uvuvi kwamba mashua ya Cephas ilipotea katika dhoruba ya Agosti, na yeye aliyesema haifai kumchanganya mtu aliyekwenda na walio hai kana kwamba hakuna aliyemlilia. Alikuwa amezika mume. Alijua heshima ya neno marehemu. Kadi ikaandikwa: Marehemu Cephas Okal, 9 Agosti 1966.

"Filister," alisema polepole, "mlikwisha kumzika?"

Yule mama alimtuma mtoto akachezee kivulini, kisha akajibu kwa sauti ya chini. "Kuzika nini, mama? Mwili hakuna. Kwetu mtu akipotelea majini wazee wanatafuta tunda ya yago, ile refu kama mtu amelala, wanaizika mahali pake. Ikizikwa, ndiyo amekufa. Mimi nanyolewa nywele, naitwa chi liel, mke wa kaburi, na nyumba inapewa ndugu yake aiangalie. Bado. Wenzake wawili walitupwa na maji huko ng'ambo, upande wa Tanzania, wakarudi baada ya mwezi. Nimewaomba wazee wangoje mvua ya mwaka mpya. Wamekubali, lakini Otieno ndugu yake amechoka kungoja. Anasema, siku serikali itasema Cephas amekufa, yeye atakwenda kutafuta yago siku hiyohiyo."

"Na serikali haijasema?"

"Kwa mdomo tu. Mdomo si kitu. Otieno anataka kuona maandishi."

Priscilla aliketi kwenye ngazi ya kanisa.

"Mwanangu, maandishi yapo. Ni mimi niliyeyaweka. Mbele ya jina lake kuna marehemu, na nyuma yake kuna siku ya dhoruba. Kwetu Kisii hilo ni neno la adabu. Sikuuliza kwenu likoje."

Filister alishika shanga zake kana kwamba mtu ametaka kuzivua.

"Kesho Sori nzima itakuwa pale," alisema. "Na Otieno atakaa mbele."

"Najua."

"Toa, basi."

"Nitatoa," Priscilla alijibu, na papo hapo hakujua atatoaje.

Ratemo alikuwa nyuma ya gari, Mkatoliki asiye na Sabato, akipangusa lenzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, afisa wa uvuvi aliiona kadi akasema sawa. Wewe uliiona ukasema sawa. Sasa sawa imeharibika wapi?"

"Nilisoma herufi zote, sikumsoma mwenye jina."

"Mtu amekufa miezi mitatu."

"Amekufa ofisini. Kwao hajafa. Na jina ni lao, si la ofisi."

Ratemo alikuna shavu. "Nikate kadi nzima? Watano wengine wakose majina yao? Na sauti hukaa mbele ya picha yake kwenye filamu, nikikata hapa wimbo utaruka kama mbuzi. Labda nizibe lenzi kwa mkono neno likifika."

"Mkono wako utachelewa, na watu watauliza ulikuwa unaficha nini. Wakiuliza, Otieno atajibu."

Kisha Priscilla akauliza, "Ile rangi nyeusi ya kuzibia vitundu vya filamu, bado ipo sandukuni?"

"Ipo."

"Kadi ni nyeusi. Herufi kwenye filamu ni uwazi tu, mwanga unapita. Nikizipaka nyeusi, mwanga hautapita. Giza juu ya giza nani ataliona?"

"Kila picha peke yake, mama? Kadi ile inakaa sekunde kumi. Hizo ni picha mia mbili na arobaini, kila moja kama ukucha."

"Basi ni kucha mia mbili na arobaini."

"Tuanze sasa hivi, jua bado liko juu."

"Leo ni Sabato."

"Ah. Na Bwana hakusema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato atolewe?"

"Alisema," Priscilla alijibu. "Lakini ng'ombe huyu hatazama kabla ya kesho. Na leo nina haraka mno. Nikianza hivi nitazika jina lote."

Alikuwa amesema kwa uthabiti, lakini siku ile haikumpitia kama Sabato. Aliimba na wenzake alasiri huku moyo ukihesabu nafasi kati ya neno na jina. Aliomba asamehewe haraka yake ya kuonyesha adabu. Kila alipofumba macho aliona kitambaa cheupe, na Otieno asiyemjua akisimama.

Jumapili asubuhi waliweka meza dirishani. Ratemo aliivuta filamu polepole juu ya kioo chenye taa, naye Priscilla akashika brashi ya nywele tatu na lenzi ya kukuza. Kila picha ilikuwa na mistari sita ya herufi ndogo kuliko mbegu za wimbi. Jina la Cephas lilikuwa mstari wa nne. Alipaka neno la kwanza, akaacha jina, akapaka tarehe, akapuliza. Wasogee. Neno, acha, tarehe, puliza. Rangi ikigusa C, Cephas angekuwa mtu asiye na kichwa. Ikishuka kidogo, mvuvi wa chini yake angepotea.

"Umesahau hii," Ratemo alisema wakati mmoja.

"Wapi?"

"Tarehe. Umepaka neno ukaruka."

Aliirudia. Jasho lilimwingia machoni, akalipangusa kwa kitambaa cha kichwa. Baadaye walikuta picha moja rangi imepanda juu ya C. Ratemo akaifuta kwa unyoya wenye unyevu, naye Priscilla akaipaka upya. Jua lilikuwa limeshapita kichwani walipomaliza. Wakaiacha ikauke, maana ikikunjwa mbichi ingechafua picha za jirani. Muda wa kuipitisha kwenye projekta haukuwepo tena. Hilo ndilo lililomtesa njia nzima ya Sori: kwa mara ya kwanza katika kazi yake, filamu ilikwenda kwa watu bila yeye kuiona kitambaani.

Filister alikaa kando yake garini, Pamela magotini.

"Umetoa?"

"Nimepaka. Kama nimeruka moja, itamulika kama kupepesa jicho."

"Otieno ana macho," Filister alisema.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa, wengine juu ya mashua zilizopinduliwa. Mtu mrefu mwenye kofia ya pama alikuwa mbele kabisa, na Priscilla hakuhitaji kuambiwa ni nani. Filamu ilianza. Watu walicheka walipojiona wakipaa samaki, wakabishana na kitambaa kuhusu chumvi. Cephas alipotokea akining'iniza samaki aina ya ngege juu ya moshi, ufukwe ulinyamaza. Filister aliinua mkono nusu, akaushusha.

Kisha wimbo ukaingia, na kadi ya mwisho.

Priscilla hakusoma mistari mitatu ya kwanza. Aliutazama wa nne. Cephas Okal. Mbele yake giza, nyuma yake giza. Alihesabu pumzi zake. Giza lile halikumulika. Lakini kwa kuwa mkono wake haukuweza kupaka sawasawa kila picha, ukingo wa jina ulikuwa ukichezacheza, kidogo tu, wakati majina mengine yametulia.

"Cephas O-kal," Pamela alisoma kwa sauti.

Taa ziliwashwa. Otieno aligeuka, akamjia Ratemo, lakini macho yake yalikuwa kwa Priscilla.

"Jina ya ndugu yangu inatikisika. Kwa nini?"

"Limepakwa kwa mkono," Priscilla alisema. "Wangu."

"Na ofisi imesema nini juu yake? Amekufa, hajafa?"

"Filamu hii ni ya samaki, baba. Imesema jina lake tu."

Otieno alimtazama shemeji yake na shanga zake. "Basi tungoje mvua," alisema, si kwa furaha, akaiweka sawa kofia yake akaenda.

Kesho yake, kabla hawajaondoka kurudi Homa Bay, Priscilla aliifuta sahihi yake ya Alhamisi kwenye karatasi ya filamu ile kwa mstari mmoja. Nairobi walihitaji kadi mpya kwa chapa zitakazofuata. Aliandika jina kavu, kama Ratemo alivyokuwa ameliandika mwanzo, kisha akamwita Filister alitazame kwanza. Yule mama hakujua kusoma. Aliweka kidole mbele ya jina, mahali palipokuwa na neno, akakiburuza taratibu mpaka akahakikisha hapana kitu.

"Hivi," alisema.

Hapo ndipo Priscilla alipotia sahihi.