Tasbihi Iliyonyooka

Abdulhussein alijua wazi kwamba Zarina hana muda. Shemeji yake huyo, mke wa kaka yake, alikuwa amelazwa viti vya nyuma vya ndege, mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga wa Mkwaja alikuwa amenawa mikono na kusema huyu ni wa kupasuliwa, apelekwe Tanga. Kwa masika yale barabara ilikuwa imekatika, na pantoni ya Pangani haivuki. Ilibaki ndege ndogo ya familia, aliyoinunua kaka yake Nurmohamed kwa faida ya maduka, na ambayo Abdulhussein ndiye aliyesomea kuirusha.

Walipopita mto Pangani, wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye minazi. Kupita chini yake hakuwezekani, na kurudi ni kumzika Zarina. Akapandisha ndege, akaingia winguni. Vioo vikawa vyeupe pande zote, mbingu na ardhi zikapotea.

Mwalimu wake kule Nairobi alimfundisha jambo hili kwa kumzibia vioo kwa turubai. Ndani ya sikio, alisema, mna maji yanayoutambulisha mwili kwamba umegeuka. Ukiinama polepole, maji hayo hayashtuki, nawe hutajua. Ukijinyoosha kwa haraka, ndipo yatakaposhtuka, nawe utaapa kwamba sasa unaangukia upande wa pili. Sadiki saa za vipimo zilizo mbele yako, mwili mwache upige kelele.

Haukupita muda, saa ya upeo, inayoonyesha ulalo wa mabawa, ikasema bawa la kushoto limeinama. Abdulhussein hakuwa amehisi kitu. Akageuza usukani, mchoro wa ndege ndani ya saa ukalala sawa na mstari wa upeo, na papo hapo mwili wake ukamwambia anaangukia kulia. Akajikuta ameegemea kushoto kitini, jasho linamtoka.

"Unatuangusha kulia," Nurmohamed alisema kutoka kiti cha pembeni.

Akamjibu kwamba wako sawa, saa inasema wako sawa. Nurmohamed akamwonyesha tasbihi ya mama yao, iliyotundikwa juu ya zile saa tangu siku ndege iliponunuliwa. Muda wote saa iliposema wameinama, alisema, tasbihi ilikuwa imenyooka kama timazi ya fundi. Saa ilitengenezwa na binadamu na ilikwisha kuharibika mwaka jana. Uzito haujui uongo. Zarina naye akalia huko nyuma kwamba anateleza, wamshike.

"Geuza kushoto, Abdul. Mimi ndiye ninayekwambia."

Baba yao alipokufa, Nurmohamed ndiye aliyemlea na kumlipia masomo. Katika nyumba yao ya Usagara, Tanga, kaka akisema, mdogo hujibu "ndiyo, bhai," yaani ndiyo, kaka, na shauri limekwisha. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Habari za anayesikia hawakututajia. Abdulhussein akasema ndiyo, bhai, akageuza kushoto mpaka mwili ukatulia. Jinsi alivyostarehe! Tasbihi ilining'inia wima, na Zarina akanyamaza.

Lakini saa ya mwendo ilikuwa inapanda, na ya kimo inashuka. Akavuta usukani apande. Mwili ukagandamizwa kitini, akahisi kweli wanapanda, na kimo kikazidi kushuka. Saa zote tatu haziwezi kufa pamoja. Hapo akili ikamrudia, na hofu nayo: walikuwa wameinamia kushoto, wanazunguka huku wakishuka, na kila alipovuta aliukaza mzunguko. Tasbihi hainyooki kufuata ardhi ndege inapogeuka. Huelekea sakafu ya ndege, kama maji ya ndoo inayozungushwa kwa mkono yanavyobaki ndani bila kumwagika.

Akalegeza mvuto, akapunguza moto wa injini, akanyoosha mabawa kwanza. Mwili ukapiga kelele, kaka yake akamkamata mkono, akamsukuma kwa bega. Mabawa yalinyooka. Ndipo akavuta, na pua ikaanza kuinuka, lakini wingu likafunguka na mistari ya katani ilikuwa hapo hapo chini ya magurudumu.

Wafanyakazi wa shamba waliwatoa kwenye mabaki ya ndege. Zarina alikwisha kufa, na mtoto naye.

Wiki nzima Nurmohamed, miguu yote miwili imefungwa plasta, aliwaambia waliokuja kumhani hospitalini kwamba saa ndiyo iliyowaua. Abdulhussein alikaa pembeni, mkono wake umetungikwa shingoni kwa kitambaa, asimkanushe. Kisha mkaguzi wa ndege akaja kutoka Dar es Salaam, akasema saa ya upeo ilifunguliwa na kuchunguzwa, na haikuwa na kasoro.

Wageni walipoondoka, Nurmohamed alimgeukia mdogo wake.

"Wewe ulisoma," alisema. "Ulijua. Kwa nini ulinisikiliza?"

Angeweza kumwambia kwamba ni heshima, na kaka angelibeba kosa peke yake mpaka kaburini. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Kwa sababu na mimi nilihisi hivyo hivyo, bhai," alisema. "Nilitaka usemalo liwe ndiyo kweli."

Nurmohamed akalia kwa sauti. Abdulhussein akasogeza kiti, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipoleta chai.