Jogoo wa Wakwe

Matildah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kabuta, alitoa yai la mwisho kwenye mashine ya kuangulia, akaliweka juu ya tochi. Jeupe. Halikuwa na mshipa wala doa.

"Makumi ine ya mayai, makumi mbili na saba ni bule! Pierrette, uliosha? Ao uliyabeba na kinga, baiskeli ile ya samaki, yakatikisika?"

"Hapana, mama."

Pierrette hakuwa ameyaosha. Aliyakusanya asubuhi, adhuhuri na jioni, akayapanga ncha chini kwenye chumba baridi cha udongo, wala hakuna lililopita siku saba kabla ya kuingia mashineni. Yai lililoharibiwa na mikono huonyesha pete ya damu, kifaranga akiwa amekwisha kuanza. Haya hayakuanza kabisa. Kuku ishirini na sita, jogoo mmoja: hata angekuwa na mabawa ya chuma asingewafikia wote.

Majogoo walikuwa watatu. Wawili baba mkwe wake, Tata Nkonde, aliwachinjia wageni. Amwambie nani? Mkamwana kama yeye, aliyevuka ziwa kutoka Kongo, akimshitaki baba mkwe mbele ya watu, amekwisha. Akinyamaza, je? Matildah alikuwa amesema tayari: mayai yakitoka matupu mara nyingine, mashine inahamia kijiji cha Mununga.

Alinyamaza. Akamfungia jogoo na matetea kumi bora, akakusanya mayai yao tu kwa juma moja. Thelathini. Jumapili akayapeleka kwenye mashine. Aliporudi, Tata Nkonde alikuwa ameshika kisu, akiwangojea wakwe zake.

"Bako yangu banafika, mutoto. Kamata jogoo."

"Tata, kuku jike wale wanene..."

"Muko anakula kuku jike? Unataka banicheke?"

Pierrette akamkamata. Moyo wa jogoo ulipiga kiganjani mwake kama ngoma ndogo. Akampika na nyanya nyingi. Wakwe wakasifu mchuzi, na Pierrette akasifiwa kwa heshima yake.

Jumapili iliyofuata Matildah alileta tochi na mayai uani. Mishipa myekundu ilitanda kama mizizi: ishirini na sita kati ya thelathini. Akapiga vigelegele.

"Mashine inabakia hapa! Mayai utakayokusanya kuanzia leo, leta yote. Yawe mazuri hivihivi! Na huyu bwana arusi yuko wapi? Nimupe mukono!"

Pierrette alimtazama Tata Nkonde, aliyekuwa mkekani akichokonoa meno. Mzee akageuza uso kuelekea ziwani.

"Ametembea," Pierrette akasema.

"Kwa wanawake!" Tata Nkonde akacheka, na Matildah akacheka hadi akajishika kiuno.

Pierrette naye alicheka. Tetea huhifadhi mbegu ya jogoo juma moja, mawili kwa bahati, nayo hupungua kila siku. Leo ilikuwa siku ya saba tangu jogoo achinjwe. Bandani tetea mmoja akalia kutangaza yai, Pierrette akaenda kuliokota lingali na joto, akaliweka ncha chini, kwa uangalifu uleule.