Darasa la Wanafunzi Ishirini na Wanne

Mpwa wangu ana steshenari yenye kompyuta mbili, na kwa sababu hiyo anajiona mtaalamu wa kila kitu kinachochapwa. Ndiye aliyenichapia wasifu wa kuombea kazi shule ya kimataifa, ng'ambo. Mtaala: wa taifa, kidato cha kwanza hadi cha nne. Masomo: hisabati na fizikia, miaka kumi na mitano. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye idadi ya wanafunzi kwa darasa.

"Themanini na wanne," nikasema.

Akaacha kuchapa. "Mama mdogo, watadhani kidole kimeteleza. Shule zile darasa lina watoto ishirini tu. Tuweke ishirini na wanne, uonekane umezoea."

Nilijua ni uongo. Lakini niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kumpita mtoto asiyeelewa kwa sababu nyuma yake wako wengine sabini wanaonisubiri. Nikamwambia aweke.

Wakaniita kwenye usaili wa video. Nilijifungia maabara, nikavaa koti ambalo joto la siku ile halikulihitaji hata kidogo. Msaili, mama mmoja mpole, alilisifu andalio la somo nililowatumia, kisha akafungua karatasi nyingine.

"Mkuu wako wa shule ameandika wanafunzi themanini na wanne. Wewe umeandika ishirini na wanne. Nani amekosea?"

Fomu ile ya siri, ambayo mkuu huijaza na kuituma mwenyewe kwa mwajiri, nilikuwa nimeisahau kabisa. Mimi, mwalimu wa hisabati, nimetoa sitini bila kuonyesha njia.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Niliona aibu."

Akaigeuza ile karatasi. "Ameandika pia kwamba katika hao themanini na wanne, sabini na mmoja walifaulu fizikia. Ndiyo maana tulikuita. Tulidhani takwimu yako ni kosa la uchapaji." Akavua miwani. "Lakini mtu aliyetupa taarifa isiyo ya kweli hatuwezi kumkabidhi watoto. Kanuni hiyo haina mlango wa nyuma. Samahani sana, Mwalimu."

Nilimshukuru kwa adabu zote, nikazima kompyuta, nikakaa nikiitazama.

Mkuu wa shule alikuwa ukumbini, ananisubiri kwa hamu kuliko mimi mwenyewe.

"Vipi, Mwalimu? Unajua nusura niipunguze ile idadi, wasije wakadhani tunatia chumvi. Nikasema hapana, waione kama ilivyo. Hiyo ndiyo itakayokupa kazi."

"Ahsante, mkuu," nikamwambia. "Uliandika vizuri."

Kisha nikaingia chooni, nikalia mpaka kengele ya kipindi cha nne.