Pembe za Ettore

Jumatatu asubuhi Tryphosa Murunga aliandika ujumbe aliouona mtamu kuliko yote aliyowahi kuandika, akautuma kwenye kundi la simu la Waitalia, akaenda zake kuchemsha chai. Aliporudi na kikombe, mtu mmoja alikuwa ametoka kwenye kundi, na waliobaki walikuwa wanacheka.

Ofisi ya kampuni anayofanyia kazi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea hapa Eldoret, na kazi yake ni kufunza watu wa mbali kukimbia kwa njia ya simu. Usicheke. Kuna Waitalia, Wabrazili na Wajerumani wanaoamka alfajiri kwao wafuate mazoezi yaliyopangwa na makocha wa Ainabkoi, karibu na hapa. Makocha wana miguu. Tryphosa ana maneno. Kila wiki anaandikia kila kundi, anasifu mwenye bidii, anamchokoza mvivu mpaka anavaa viatu. Anaijua kazi hiyo, na asiyependa kusikia hivyo azibe masikio.

Yeye ndiye aliyebuni Fahali wa Wiki. Aliyewashinda wenzake kwa bidii alitajwa jina, na kando yake ukawekwa ule mkono wenye vidole viwili vilivyosimama, cha shahada na cha mwisho: 🤘. Mtu aliyezaliwa Kakamega angeuliza nini hapo? Kwao watu wanafuata ngoma za isukuti asubuhi na mapema mpaka uwanjani, wanaenda kutazama mafahali wawili wakipimana nguvu, na mwenye fahali aliyeshinda hatembei tena kama watu wengine. Pembe ni sifa. Wajerumani nao waliupokea mkono huo kwa furaha, wakidhani ni mambo ya muziki wa roki, na Tryphosa akawaacha wadhani.

Wiki hii fahali alikuwa Ettore, mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na minane, mwenyekiti wa klabu ya wakimbiaji arobaini waliokuwa wamepanga kuja Ainabkoi mwezi wa kwanza. Tryphosa alikuwa amemwandikia: “Ettore, wewe ndiye fahali wetu 🤘.” Ettore ndiye aliyetoka.

Chiara, katibu wa klabu hiyo, alimwandikia kando. “Tryphosa, unajua umemwambia nini? Kwetu mwanamume ukimwonyesha pembe hizo, unamwambia mke wake ana mwanamume mwingine. Na mke wa Ettore aliondoka mwezi wa pili. Hapa kila mtu anajua, na anajua aliondoka na nani.”

Chai ilipoa. Tryphosa alitamani sakafu ipasuke aangukie kwenye magunia ya mbolea. Kumtukana mtu kwa kidonda chake, mbele ya watu wake, tena kwa kumsifu! Alichukua daftari, akaanza kupitia mikono yote iliyo kwenye simu, mmoja mmoja, akisoma ni nchi gani inausoma vipi. Wateja wengine aliwauliza wenyewe. Kufikia saa sita alikuwa amejaza kurasa tatu.

Hapo ndipo Gikonyo, mwenye kampuni, alipoingia. Alikuwa ameshapigiwa simu na klabu.

“Madam, hii imetuharibia,” alisema, akavuta kiti cha Tryphosa, akakikalia. “Kuanzia leo mimi ndio nitakuwa naandika. Wewe utabaki kupanga majina.”

Kupanga majina. Angemfuta kazi ingeuma kuliko hapo? Tryphosa hakuona hivyo. Maneno ndiyo yaliyomtoa kwenye chumba cha kushirikiana kule mtaa wa Huruma, na maneno ndiyo yaliyofanya watu wasiomjua wamwite rafiki. Alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe kama mgeni.

Gikonyo alifungua kundi la Wabrazili. Mmoja, Marcelo, alikuwa ameuliza kama anaweza kuhamisha mazoezi ya Jumanne yawe Jumatano. Gikonyo hakutaka mambo mengi. Alitafuta ule mkono ambao gumba na kidole cha shahada vimekutana vikafanya duara, 👌, na kidole chake kikaenda kutuma.

“Bosi, ngoja. Usitume hiyo.”

“Nimesema tu sawa. Hata sawa siku hizi ni makosa?”

“Kwetu ni sawa. Kwa Wabrazili wengi hiyo duara ni tundu la nyuma. Mtu amekuuliza habari ya Jumanne na wewe unamtukana kwa sehemu anayokalia.”

Gikonyo aliondoa kidole polepole. Alitazama simu, akamtazama Tryphosa, akaliona daftari. “Na gumba peke yake?”

“Brazili ni salama, wao wenyewe hawaishi kuliinua. Iran, kwa wazee hasa, ni tusi. Bosi, andika tu neno. Neno halina vidole.”

Akaandika: Sawa, Jumatano ni nzuri. Kisha akalivuta daftari, akaanza kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

“Niachie Ettore,” Tryphosa alisema. “Nikishindwa, nitapanga majina.”

Alimpigia kwa video. Ettore alipokea, uso mkavu, hakusalimia. Tryphosa hakuzunguka mbuyu. “Kosa ni langu,” alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. “Nilituma mkono kwenye nchi ya watu bila kuuliza wanausoma vipi. Habari za nyumbani kwako sikuzijua, na hata ningezijua si za kuchezewa. Nilikuaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nitaomba msamaha mbele ya watu walewale, ukiniruhusu.”

Ettore alitikisa kichwa kukubali, kidogo tu.

“Lakini pembe zenyewe sitaziombea msamaha,” Tryphosa akaongeza, na pale nyuma Gikonyo akafumba macho. “Acha nikuonyeshe nilikuita nini.”

Akamrushia video ya fahali wa baba yake. Yule mnyama mweusi alikuwa ameinamisha kichwa, anamsukuma mwenzake hatua kwa hatua, kwato zinachimba matope, mpaka mwenzake akageuka akakimbia na uwanja mzima ukaimba. Ettore aliitazama mara mbili. Akauliza kama aliyeshindwa huchinjwa. Akaambiwa hapana, huenda zake kula nyasi. Basi akacheka, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa amecheka siku nyingi.

“Niweke picha ya fahali badala ya mkono?” Tryphosa aliuliza. Safari hii aliuliza.

“Usithubutu. Sisi tuna methali, ng'ombe alimcheka punda kwamba ana pembe. Picha yoyote yenye pembe, weka kando.” Akafikiri kidogo. “Huyu wa baba yako anaitwa nani?”

“Dereva.”

“Basi niite hivyo.”

Tryphosa aliandika msamaha kwenye kundi, mfupi, bila kujikunjakunja. Ettore alirudi kabla haujamaliza kusomwa. Kisha tangazo likatoka upya: Dereva wa Wiki, Ettore. Hakuna mkono, hakuna pembe. Kabla ya saa kumi Waitalia saba walikuwa wameuliza mtu afanye nini ili naye awe Dereva, na Chiara akathibitisha kwamba safari ya Ainabkoi iko palepale.

Gikonyo aliinuka kwenye kiti. “Kaa mahali pako,” alisema. “Na mimi nikitaka kutuma kitu, nitakuletea usome kwanza.”

Tryphosa alikaa. Alijisikia mrefu hata akiwa ameketi. Akampigia baba yake, akamweleza kwamba kule Italia kuna mzee amepewa jina la fahali wake.

 Jina lile Mzee Murunga hakuwahi kumpa hata mjukuu.

“Anakimbia vizuri?” aliuliza.

“Kwa bidii ni wa kwanza kati ya arobaini, Baba.”

“Basi alichukue. Na mwambie sisi huwa haturudi nyuma.”