Herufi Tatu za Kibao cha Shakir

Raudha alikuwa amebakisha mstari mmoja tu, na ndio huo ambao hakutaka kuupaka.

Kibao kilikuwa kimeegemea ukuta wa kibanda, pale Majengo, Nyeri mjini: bati jeupe lenye urefu wa futi nne. Kaka yake, Shakir, alimwachia maneno ya kupaka kwenye karatasi ya daftari, kisha akaenda kununua waya. Raudha aliacha shule darasa la sita, lakini herufi alizijua kuliko wengi waliomaliza. Alijifundisha kwa kunakili maandishi ya maduka, akiwa ameinamisha kichwa ili asisemeshwe na mtu. Hadi hapo alikuwa ameshapaka:

SHAKIR, FUNDI WA STIMA
NINA CHETI. UZOEFU MIAKA KUMI
WAYA ZA NYUMBA, SOKETI, MOTA ZA MASHINE
UKIPIGA SIMU NASHIKA. NIKISEMA NAKUJA, NAKUJA

Hiyo miaka kumi ilikuwa minne. Uongo huo haukumnyima usingizi. Vibao vyote vya mtaa vilitiwa chumvi. Kilichomsumbua ni mstari wa mwisho wa ile karatasi: NAFANYA KAZI BILA KUZIMA STIMA YAKO.

Ndiyo iliyokuwa sifa ya Shakir. Kinyozi hakutaka mashine zake zinyamaze, mwenye buchari hakutaka friji lake la nyama lilale. Shakir aliingiza bisibisi kwenye waya zenye moto wa umeme huku akipiga mluzi, na watu wakamsifu. Wiki tatu zilizopita alirudi kutoka buchari akiwa ameficha mkono wa kulia mfukoni. Raudha ndiye aliyemwosha lile jeraha, shimo jeusi katikati ya kiganja, dogo kama punje ya mahindi.

"Mama akiuliza, ni sufuria iliyonichoma," Shakir alimwambia. "Na wewe huna mdomo, najua."

Kweli hakuwa nao. Tangu siku hiyo, kila Shakir alipobeba mfuko wake wa vyombo, Raudha alimsindikiza kwa macho hadi mwisho wa mtaa. Simu ya mama ikilia mchana, alishika ukuta. Mara ngapi alijaribu kumwambia, "Kaka, zima kwanza"? Maneno yalifika kwenye meno yakarudi.

Sasa alishika brashi. Akapaka S mahali pa N. Akapaka I mahali pa A. Mwisho wa neno, akaweka I tena.

SIFANYI KAZI BILA KUZIMA STIMA YAKO.

Herufi tatu. Ile S ilitoka kubwa kuliko wenzake, imepinda kama nyoka aliyeshtuliwa. Akaosha brashi kwa haraka.

Shakir aliporudi alisimama mbele ya kibao, midomo ikisoma. Gathogo, kinyozi wa kibanda cha pili, alishamtangulia kukisoma.

"Wee Shakir! Ati siku hizi unaogopa stima? Basi mimi nitatafuta fundi mwanamume!"

Shakir hakucheka. "Raudha. Nilikuandikia nini?"

Raudha alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nakuuliza! Unaniharibia jina mbele ya watu? Utaufuta mstari huo leo hii. Lete mafuta ya taa na kitambaa."

Raudha alikuwa ameshainama kuchukua chupa, ndipo pikapu ya kubeba maziwa iliposimama barabarani. Mama mmoja wa makamo akashuka, gambuti zake za mvua zimejaa matope mekundu. Alisoma kibao chote taratibu, akifuata mistari kwa kidole.

"Ni wewe Shakir? Mimi ni Wakiuru, natoka Mukurweini. Niko na mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Siku hizi inauma. Hata ng'ombe yangu ikigusa ile chuma ya zizi inaruka, inakataa kukamuliwa." Akaonyesha mstari wa mwisho. "Fundi wawili wamekuja, wote wanataka kushikashika tu. Wewe umeandika huwezi bila kuzima. Nataka huyo."

Shakir alimtupia Raudha jicho. "Twende, mama. Na wewe twende, utashika tochi. Kibao tutaongea jioni."

Zizi la Wakiuru lilikuwa chini ya mteremko wa migomba, nyumba ikiwa juu. Mvua ilikuwa imenyesha. Sakafu ya saruji iling'aa kwa maji na mkojo wa ng'ombe. Mashine ilifungwa kwa boliti kwenye nguzo ya chuma, na chuma hichohicho ndicho kilichozunguka zizi. Ng'ombe wawili walisimama nje kwenye matope, wakitazama mlango wao kwa hofu, wala hawakuukaribia.

"Meni swichi, ile ya kuzima stima yote, iko wapi?" Shakir aliuliza.

"Huko juu kwa nyumba. Nipande nizime?"

Shakir alitazama ule mteremko, kisha akatazama swichi ya mashine pale ukutani. Akaibonyeza chini. Tak. "Haina haja, mama. Hii imezimwa. Mashine imekufa."

"Lakini kibao yako imesema..."

"Si nimezima? Hiyo ni kuzima."

Akachutama. Viatu vyake vya raba vilikuwa vimelowa mpaka kamba. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, kuelekea mfuniko wa mota. Raudha aliona kile kidoa cheusi kikisogelea chuma. Akawaona na wale ng'ombe, wasiojua kusoma, waliokataa kuingia.

"Pima!"

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kali, kama bati linalokatwa. Hata ng'ombe waligeuka.

"Nini?" Shakir alisema, mkono ukiwa hewani.

"Pima kwanza. Kaka, nakuomba. Pima."

Shakir alimkazia macho. Kisha, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, alitoa testa mfukoni, bisibisi yenye taa ndani ya mpini, akagusisha ncha yake kwenye mwili wa mashine.

Taa ikawaka. Nyekundu, imetulia.

Shakir aliutazama ule wekundu, akatazama swichi iliyozimwa, akatazama maji yaliyozunguka viatu vyake. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagonga mgomba.

"Mama Wakiuru," alisema polepole. "Panda uzime meni swichi. Uisimamie. Asiiguse mtu."

Ilipozimwa alipima tena. Giza. Ndipo alipofungua, na kila kitu kikaonekana. Aliyefunga ile swichi alikuwa ameiweka kwenye waya wa kurudi badala ya waya wa moto. Kuizima kulisimamisha mota tu, huku moto ukibaki ndani ukingoja. Waya wa moto nao ulikuwa umechubuka na kulalia bodi ya mashine, na waya wa kwenda ardhini haukuwapo kabisa. Shakir alifanya kazi mpaka saa kumi, akazika na ufito wa shaba kando ya zizi kuushikia waya mpya wa ardhini. Mluzi hakupiga.

Waliporudi Majengo, chupa ya mafuta ya taa ilikuwa palepale chini ya kibao. Raudha aliitazama. Shakir naye aliitazama.

Simu ikalia. Sauti ya mwenye buchari ilisikika hadi nje: "Shakir! Soketi ya friji imeungua tena. Njoo sasa hivi, lakini usinizimie, nyama itaharibika. Nitakuongezea kitu."

Kidole gumba cha Shakir kilikuwa kikisugua kovu la kiganja.

"Nakuja," Shakir alisema hatimaye. "Nikisema nakuja, nakuja. Lakini friji litalala nusu saa."

"Ati nini? Tangu lini?"

Shakir alitazama ile S iliyopinda.

"Pita hapa kwangu," akasema, "usome kibao."