Likizo ya Fundi Kola

Jirani yetu wa mlango wa pili, fundi redio, anawasimulia watu kwamba niliingia ofisini kwa bosi, nikagonga meza na kusema, "Nipe likizo niende nje, au ufunge karakana yako." Anaongeza kwamba bosi alitetemeka. Natamani ingekuwa hivyo. Meza niliigonga kweli, lakini kwa goti, wakati nakaa. Kopo la pini likamwagika, na sehemu kubwa ya mazungumzo nikaifanyia chini ya meza, naokota.

Mimi nashona kola katika karakana ya sare za shule. Shirika moja lilitafuta mafundi wa kujitolea, wakae miezi mitatu nchi jirani, kwenye kambi ya watu waliohamishwa na mafuriko, wawafundishe kina mama kushona. Nauli, chakula na malazi juu ya shirika, mshahara hakuna. Wakanikubali, mradi nipeleke barua ya mwajiri kwamba ameniruhusu. Nami nilikuwa na langu moyoni: nikirudi niikute kazi yangu. Nyumbani tunakula kwa kola hizo, mimi na shangazi.

Shangazi ndiye aliyenishauri kuhusu barua ya kumwomba bosi likizo. "Usijinyime sifa, mwanangu. Wanasema kizuri chajiuza, lakini mimi nimeona vizuri vingi vimeoza rafuni."

Basi nikajisifu. Niliandika kwamba bila mimi kola haziendi, na kwamba nikiumwa siku moja tu mashati yote yanalala. Mwisho nikaweka: nitarudi Mungu akipenda.

Bosi alisoma polepole. "Kumbe bila wewe nafunga."

"Ndiyo, Mama," nikajibu kutoka huko chini, kwa fahari.

"Sasa nitakuachaje uende?"

Hilo sikuwa nimeliwaza.

"Na hii Mungu akipenda ndiyo lini? Shule zinaanza kuleta oda mwezi wa kumi na moja. Nataka tarehe. Halafu uniambie, wewe ukienda kutenda wema huko, karakana inapata nini?"

Mimi ni mtu ambaye ukimwambia chumvi imezidi, kesho anapika bila chumvi. Barua ya pili nikaandika kwamba kola ni kazi nyepesi, yeyote anaiweza, hakuna atakayejua kama nipo au sipo.

Bosi akavua miwani. "Miaka yote hii nakulipa ya nini, mama?"

Nikarudi kwenye cherehani nimejikunja kama kitambaa kilichorukwa na pasi.

Barua ya tatu sikumwonyesha shangazi. Niliomba likizo bila malipo, kuanzia tarehe mosi Agosti, na nirudi kazini Jumatatu tarehe mbili Novemba, kabla ya oda. Kuhusu faida nikasema lililo kweli. Wanagenzi wetu hawadumu, na sababu mojawapo ni mimi, maana mtu akikosea kola nafumua bila neno, naguna, nashona mwenyewe. Kule nitafundisha watu ambao hawajawahi kutia uzi kwenye sindano, na huwezi kumgunia mtu aliyepoteza nyumba. Nitalazimika kujifunza kueleza. Nikirudi, wanagenzi wawe wangu kuwafundisha. Nikiwa huko, kola atashona Kimya, yule dada wa vifungo, nimeanza kumwelekeza.

"Kimya?" bosi akasema. "Mwite."

Kimya akaketi kwenye cherehani yangu, bosi kasimama nyuma yake. Akashona, akapunguza pembe, akageuza, akasukuma ncha kwa kijiti. Nilikuwa naomba kimoyomoyo itoke vizuri, maana isipotoka siendi. Ilipotoka, ncha zote mbili zimesimama sawasawa, nikajikuta naomba kidogo tu iwe imepinda.

"Nani amekufundisha?" bosi akauliza.

"Huyu," Kimya akasema. "Kwa kuguna."

Bosi akacheka, akaniita ofisini. Akaandika kwa mkono wake kwamba ameniruhusu kwenda kujitolea, bila malipo, kati ya tarehe hizo. Akapiga muhuri. Nilipaswa kushukuru na kutoka mbio. Badala yake nikasimama pale nasoma, neno kwa neno, midomo ikicheza. Barua ilisema ninaondoka lini na ruhusa inaisha lini. Haikusema narudi kufanya nini.

"Mama, nashukuru sana. Naomba uongeze mstari mmoja. Kwamba tarehe mbili nikija, cherehani ya kola ni yangu bado."

Bosi alikuwa amekuja na ile kola ya Kimya. Akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akabonyeza ncha moja kwa kidole gumba, kisha nyingine.

"Mama?" nikasema. "Mstari mmoja tu."