Bomba Lililorudishwa Mara Mbili

Mimi sina subira, na hapa Manundu, mjini Korogwe, anayenijua anajua. Mteja akiuliza bei mara tatu bila kununua, namwambia ukweli: bei haitashuka kwa kuulizwa. Kaka yangu Sufiani husema ningekuwa na mdomo mdogo tungekuwa na maduka manne. Tunayo mawili, la kwangu hapa Korogwe na la Handeni analokaa mkewe Mwaija, na yote ni ya pembejeo: mbegu, dawa za mimea, mabomba ya kupulizia. Mtaji ni wa Sufiani.

Mwaija alilipigania lile duka la Handeni. Mwaka mzima alimwomba mumewe amwachie, na mwaka mzima Sufiani alimwambia biashara si kupika ugali. Alipokubali, alikubali kwa sharti: hesabu ikiyumba, anaweka mtu wa kuajiriwa. Wifi yangu tangu siku hiyo akawa anaandika hadi pakiti ya mbegu za mchicha.

Sasa basi. Jumanne mchana aliingia dukani kwangu mzee mmoja amebeba bomba jipya begani, suruali imelowa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Hili bomba lenu linanyeshea aliyelibeba, mimea haipati kitu."

Jina lake Mzee Benedicto, mkulima wa nyanya kule Bungu. Asubuhi alikuwa Handeni kumsalimia bintiye, akanunua bomba kwa Mwaija kwa elfu sitini na tano. Aliposhuka hapa Korogwe kungoja gari la kupanda mlimani, akalijaza maji kulijaribu, likavuja kwenye kiungio cha mpini. Risiti ilikuwa na jina la duka letu na namba zote mbili za simu, akaja kwangu. Nilitaka kumbadilishia, lakini saizi ile kwangu ilikuwa imekwisha, na nyanya zake zilikuwa zimeanza ugonjwa. Alitaka hela akanunue kwingine. Haki yake.

Nikatoa elfu sitini na tano kwenye droo. Nikaandika kwenye daftari langu, chini ya mauzo ya siku ile: marejesho, bomba moja bovu la Handeni, namba ya risiti, 65,000 zimetoka. Akatia sahihi. Risiti yake nikaifunga kwenye bomba, bomba nikaliweka nyuma na vitu vibovu vya kumrudishia msambazaji. Kisha nikampigia Mwaija.

"Wifi, bomba la Mzee Benedicto limerudi. Linavuja. Hela yake nimemrudishia," nikasema. Dukani watu walikuwa wamejaa, nikakata simu.

Ijumaa Sufiani akaingia na mkewe. Hakusalimia. Mwaija alikuwa na macho mekundu, amekumbatia daftari lake la Handeni. Nikafunga mlango nusu, maana majirani zangu wana masikio.

"Nimehesabu mzigo wa Handeni jana," Sufiani alisema. "Daftari linasema mabomba ya saizi ile yamebaki manane. Rafuni yapo saba. Jumanne mauzo yaliyoandikwa ni laki moja na kumi na saba elfu, hela aliyonitumia jioni ni laki moja na themanini na mbili elfu. Bomba limepungua, hela imezidi. Maana yake nini?"

Maana yake ilinijia hata mimi, na sikuipenda. Hela ikizidi dukani, wenye biashara hatufurahi. Kuna kitu kimeuzwa hakikuandikwa, na anayeuza bila kuandika huwa ana mpango na ile hela.

Akafungua daftari la Mwaija. Mstari wa bomba ulikuwa umekatwa kwa rula, 65,000 imefutwa, na jumla ya siku imeandikwa upya.

"Aliandika, kisha akafuta," Sufiani akasema. "Akasahau kuichomoa hela. Jumatatu Shukuru, yule wa kuajiriwa, anakwenda kukaa Handeni, nimeshamwambia. Na huyu nampeleka kwao akapumzike. Naweza kuvumilia duka kufa. Kulala na mtu anayeniibia siwezi."

Mwaija alilia bila sauti. "Wifi alinipigia kwamba limerudi," alisema. "Kitu kikirudi si hakijauzwa tena? Nikakifuta ili nisionekane nimeuza kitu ambacho mwenyewe amekirudisha."

"Kama limerudi, liko wapi?" Sufiani akamuuliza. "Na kama mzee alirudishiwa hela, mbona droo yako haikupungua hata shilingi?"

Hapo ndipo nilipopata moto usoni. Maana bomba lilikuwa nyuma yangu, na droo iliyopungua ilikuwa yangu. Nikaenda nikalileta, nikalibwaga mezani, risiti ikiwa bado imefungwa.

"Wifi," nikamwambia Mwaija, "mzee alipokulipa asubuhi, hela uliiweka wapi?"

"Kwenye droo."

"Aliirudia kwako?"

"Hajarudi."

"Basi kwako mauzo yalikuwepo na hela ilikuwepo. Iliyotoka imetoka kwangu, na nimeiandika kwangu. Wewe umeiandika tena kwa kufuta. Bomba moja tumelirudisha mara mbili, na kosa nusu ni langu, nimekukatia simu kabla ya kukwambia usiguse kitu."

Sufiani alitaka kusema. Nikamnyamazisha kwa kiganja, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Nikachukua karatasi.

"Rudisha ule mstari alioukata. Handeni mauzo laki moja na themanini na mbili elfu. Korogwe siku hiyo laki mbili na arobaini. Jumla laki nne na ishirini na mbili elfu. Toa marejesho, sitini na tano, mara moja tu. Inabaki ngapi?"

"Laki tatu na hamsini na saba elfu," Mwaija akajibu kabla ya mumewe.

"Sasa hela. Yeye alikutumia laki moja na themanini na mbili elfu. Mimi nilikutumia laki moja na sabini na tano elfu. Jumlisha, kaka."

Akajumlisha. Akajumlisha tena kwenye simu, maana karatasi haikumtosha. Laki tatu na hamsini na saba elfu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa," nikamwambia. "Ila mkeo hajapoteza kitu. Alikuwa na elfu sitini na tano ambazo daftari lake lilisema hazipo. Angezila, daftari lake na hela vingelingana. Alikutumia zote. Mwizi gani huyo?"

Mwaija alivuta daftari lake, akaandika chini ya ule mstari: mauzo haya ni halali, yalifutwa kimakosa, marejesho yameandikwa Korogwe. Akaweka tarehe ya Ijumaa ile na sahihi. Upande wa mzigo akaandika bomba moja limetoka, yakabaki saba. Ule mstari uliokatwa aliuacha ulivyo, kila mtu auone.

Sufiani alikaa anaitazama ile sahihi. Kisha akachukua simu akampigia Shukuru, hapo hapo mbele yetu.

"Shukuru, ndugu yangu, unisamehe. Usiende Handeni," alisema. "Lile duka lina mwenyewe."

Mwaija alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akafunga daftari, akasimama, akamwambia mumewe awashe gari, kwa sababu kesho ni siku ya soko na hakuna aliyepanga mbegu.